Kaka alipasuliwa akiwa hajitambui, na hakuna aliyetia saini

Swali: "Miezi mitano iliyopita kaka yangu, mwenye miaka 31, aligongwa usiku akiwa kwenye bodaboda huku kwetu Kilifi, akapelekwa hospitali ya kaunti hajitambui. Sisi tulipata habari asubuhi. Tulipofika tukaambiwa amepasuliwa tumbo usiku uleule, bandama imetolewa, ameongezwa chupa tatu za damu. Kumbe na kidole tumbo nacho kimetolewa, eti walikiona wakiwa ndani wakaona afadhali wakiondoe kisije kikamsumbua mbeleni. Mama alipewa fomu ya idhini atie saini asubuhi hiyo, mambo yote yakiwa yamekwisha. Siku ya sita kaka alifunguliwa tena, usaha ulikuwa umejikusanya chini upande wa kulia, akalala wodini wiki tatu zaidi. Alipotoka aliambiwa arudi kutolewa nyuzi, basi. Mjomba anasema kumpasua mtu bila saini ni jinai, twende polisi. Je, huu ni uzembe? Na anayeshtaki ni nani, mama au mimi?"

Ndugu yangu, pole kwa yaliyowapata. Kabla sijagusa sheria, kuna jambo la wiki hii. Kaka yako hana bandama, na kwa maelezo yako hakuna aliyemweleza maana yake. Bandama ndiyo inayosafisha damu na kukamata aina fulani za bakteria kabla hazijaenea. Mtu asiyekuwa nayo anaishi vizuri tu miaka mingi, lakini homa ambayo kwako wewe ni ya kunywa dawa na kulala, kwake inaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo kuna chanjo anazotakiwa kupata: ya nimokoko, ya meningokoko na ya bakteria wa Hemofilasi aina ya B. Kwa mtu aliyepasuliwa kwa dharura, kwa kawaida hutolewa kuanzia kama wiki mbili baada ya upasuaji. Miezi mitano ni kuchelewa, ila bado zina faida. Kwa kuwa mnaishi Pwani, amuulize daktari pia kuhusu kinga ya malaria, maana malaria nayo humshika vibaya mtu wa namna hii. Na akipata homa, asisubiri kupambazuke. Aende hospitali na aseme mlangoni kwamba hana bandama.

Nimeanza na hilo kwa sababu ni la uhai, lakini pia kwa sababu ya nitakayoyasema mbele. Familia nyingi zinazonijia na kesi kama yenu hushikilia saini. Saini ndiyo inayouma, kwa sababu inahusu heshima: watu wamemgusa mtu wenu bila kuwauliza. Nikisoma faili, mara nyingi saini huwa sehemu dhaifu kuliko zote katika madai, na kosa lenyewe limekaa kwenye ukurasa mwingine ambao hakuna aliyeuangalia.

Tuanze na mjomba, kwa heshima zake. Hayuko sahihi, na nusura hasira yake iwaelekeze kubaya. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inaongeza makali: taasisi ya tiba yenye uwezo wa kutoa matibabu ya dharura ikashindwa kuyatoa imetenda kosa, na faini yake inafika shilingi milioni 3. Mtakumbuka kisa cha 2015 cha majeruhi wa ajali aliyezungushwa Nairobi ndani ya gari la wagonjwa kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na baadaye akafa. Nchi nzima iliuliza kwa nini hakutibiwa. Daktari wa zamu Kilifi angekaa na kaka yako anayevuja damu tumboni akingoja jamaa waje na kalamu, leo mngekuwa mnaniuliza swali hilohilo.

Kifungu cha 9 cha sheria hiyo ndicho kinachotawala idhini. Kanuni yake ni kwamba hakuna huduma bila ridhaa ya mgonjwa aliyeelezwa akaelewa. Halafu inakuja ngazi ya nani anaweza kumsemea asiyeweza kusema: kwanza aliyeteuliwa na mgonjwa mwenyewe kwa maandishi, au aliyepewa mamlaka na sheria au mahakama, wasipokuwepo hao, jamaa wa karibu. Nje ya ngazi hiyo kuna milango ya dharura. Mmoja ni pale mgonjwa anapotibiwa katika hali ya dharura. Mwingine ni pale kuchelewa kunaweza kusababisha kifo au madhara yasiyorekebishika, na mgonjwa hajaikataa huduma hiyo kwa maneno, kwa ishara au kwa matendo. Kaka yako alipita katika milango hiyo. Saini ya mama haikuhitajika usiku ule, na kukosekana kwake hakuugeuzi upasuaji wa bandama kuwa kosa.

Kuhusu polisi, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 240, inamkinga na jinai mtu aliyefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi unaostahili, kwa manufaa ya mgonjwa, ikiwa upasuaji huo ulifaa kwa hali aliyokuwa nayo. Sisemi polisi hawahusiki kamwe na mambo ya hospitali. Nasema kwa hili lenu mtapoteza miezi kwenye benchi la kituo huku saa ya kesi ya madai ikikimbia, na saa hiyo ni fupi. Nitaifikia.

Neno moja kuhusu yale maneno ya mwisho ya kifungu cha 9, "hajaikataa". Yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kule Ontario, Kanada, mwanamke aliletwa hospitali hajitambui baada ya ajali, na ndani ya mkoba wake kulikuwa na kadi inayosema kwamba yeye ni Shahidi wa Yehova na hataki damu kwa hali yoyote. Daktari aliiona, akamwongeza damu, akamwokoa maisha. Mwanamke akashtaki, na mahakama ya rufaa mwaka 1990 ikathibitisha fidia ya dola 20,000. Dharura humruhusu daktari kudhani kwamba mgonjwa angekubali, na kadi ile ilikuwa imeifuta dhana hiyo. Kaka yako hakuwa na kadi wala msimamo wa namna hiyo, kwa hiyo chupa tatu za damu ziacheni kando. Ila katika familia zenu kukiwa na mtu mwenye msimamo kama huo, auandike na atembee nao.

Sasa tuje kwenye kidole tumbo, kwa sababu hapa ndipo ninapokaa sawa kwenye kiti.

Mlango wa dharura hauna upana usio na mwisho. Unamruhusu daktari kufanya yale ambayo hayawezi kungoja mgonjwa azinduke, na unaishia hapo. Kuna kesi mbili za Kanada ambazo wanasheria wa nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza huzisoma pamoja, nami nazipenda kwa sababu zinafanana kwa sura na kutofautiana kwa jibu. Ya kwanza ni ya Nova Scotia, 1933. Mgonjwa aliingia kutibiwa ngiri. Daktari alipofungua akakuta korodani imeoza kwa ugonjwa kiasi cha kuhatarisha afya na uhai wake, akaitoa. Mahakama ikasema hakukosea: hatari ilikuwa pale pale, na kungoja kungekuwa kutojali. Ya pili ni ya British Columbia, 1949. Mama alikuwa anazalishwa kwa upasuaji. Daktari akaona uvimbe kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, akahofia kwamba mimba nyingine ingekuwa na hatari, akafunga mirija ya uzazi kwa kuwa tumbo lilikuwa tayari liko wazi. Mahakama ikamtia hatiani. Hatari aliyoiogopa ilikuwa ya siku za mbele. Mama angeweza kuzinduka, akaelezwa, akaamua mwenyewe kuhusu uzazi wake.

Maamuzi hayo hayazifungi mahakama za Kenya, ila wakili wenu anaweza kuyataja kama ya kushawishi, na yanapatana vizuri na maneno ya kifungu cha 9. Yasomeni sasa pamoja na sentensi mliyoambiwa wodini: kisije kikamsumbua mbeleni. Ikiwa kweli hiyo ndiyo sababu, hospitali yenyewe imekiri kwamba hapakuwa na dharura ya kidole tumbo. Urahisi wa kufanya kitu kwa kuwa tumbo liko wazi si dharura. Kwa jicho la kitabibu pia inashangaza. Kwa mgonjwa aliyevuja damu nyingi, nidhamu ya mpasuaji ni kuzuia damu, kusafisha na kufunga haraka, kwa sababu kila dakika mezani ina gharama yake. Kukata kidole tumbo kizima ni kufungua utumbo wenye vijidudu ndani ya tumbo lililokuwa halina vijidudu.

Ila tahadhari. Maneno ya wodini si faili. Huenda aliyewaambia hakuwemo thieta. Huenda mpasuaji aliandika kwamba kidole tumbo kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu, kimeanza kutoa usaha, au kimechanika kwa kishindo cha ajali. Akiwa ameandika hivyo usiku uleule, na ushahidi mwingine ukapatana naye, sehemu hii ya madai yenu inazimika, na itabidi mkubali. Ndiyo maana siwaambii mna kesi au hamna. Nawaambia mahali pa kutazama.

Katika faili kuna karatasi nne ninazoanza nazo. Ya kwanza ni ya mapokezi: presha na mapigo ya moyo aliyofika nayo, saa aliyofika, saa aliyopigwa altrasaundi ya tumbo na walichokiona. Hapo ndipo dharura ya bandama inathibitika au inayeyuka. Presha ya 80 kwa 50, mapigo 130 na damu imetapakaa tumboni: sitabishana na mtu. Ya pili ni maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa na mpasuaji, ambayo hueleza alifungua wapi, alikuta nini, alitoa nini na kwa nini. Ya tatu ni karatasi ya nusukaputi, na hii wengi huiruka. Anayesimamia nusukaputi huandika presha na mapigo kila baada ya dakika chache, kwa kawaida tano, tangu mgonjwa anapolazwa hadi anapotolewa. Ukiilinganisha na maelezo ya upasuaji unaweza kuona kidole tumbo kilitolewa wakati presha iko wapi. Ikiwa mgonjwa alikuwa bado anayumba huku mpasuaji anafanya kazi isiyo ya lazima, karatasi hiyo inasema yenyewe. Ya nne ni majibu ya maabara: je, kidole tumbo kilichotolewa kilipelekwa kupimwa? Majibu yakisema kilikuwa kizima, hoja ya dharura inakuwa ngumu kwa hospitali. Kikiwa hakikupelekwa kabisa, wakili wenu atakuwa na la kuuliza.

Je, tayari huo ni uzembe? Hapana, na hapa inabidi mnivumilie kidogo. Kutibiwa bila ridhaa na kutibiwa kwa uzembe ni madai mawili, ingawa yanaweza kukaa katika hati moja. Katika dai la kutoridhia, kosa ni kumgusa mtu bila ruhusa nje ya mipaka ya dharura. Mahakama inaweza kumpa fidia hata kazi yenyewe ikiwa ilifanywa kwa ustadi, lakini bila madhara makubwa fidia huwa ndogo. Katika uzembe ni lazima muonyeshe kwamba hospitali ilikuwa na wajibu kwake, jambo ambalo halina ubishi mgonjwa akishapokelewa; kwamba iliuvunja kwa kufanya kazi chini ya kiwango; na kwamba kuvunja huko ndiko kulikoleta madhara. Kiwango chenyewe kinatokana na kesi ya Kiingereza ya Bolam ya 1957: daktari hana hatia ikiwa alitenda kama ambavyo madaktari wenye ujuzi wa fani yake wangekubali kuwa ni sawa. Mwaka 1997 kesi ya Bolitho iliongeza kwamba maoni ya madaktari hao lazima yawe na mantiki, si kwa kuwa ni wengi tu. Kwa hiyo hakimu hataamua kwa machozi ya mama wala kwa maelezo yangu. Ataamua kwa kumsikiliza mpasuaji mwingine, asiye wa hospitali ile, aliyelisoma faili na kuandika ripoti. Bila mtu huyo kesi nyingi za uzembe wa tiba hufia njiani.

Nikimtafutia mpasuaji huyo swali la kwanza, lingekuwa hili: usaha ule ulitoka wapi? Bandama imekaa juu kushoto, chini ya mbavu. Kidole tumbo kimekaa chini kulia, na usaha wa siku ya sita mliambiwa ulikuwa chini kulia. Kisiki cha kidole tumbo kilichokatwa kinaweza kuvuja, na siku chache baadaye jipu likajikusanya hapohapo. Likithibitika, basi upasuaji wa pili, wiki tatu za wodini, gharama zake na siku ambazo kaka hakufanya kazi vinashikamana na kitu ambacho hakikupaswa kufanywa usiku ule. Hilo ni dai lenye miguu.

Wakili wa hospitali naye hatakaa kimya. Atasema usaha hutiririka, na wa juu kushoto unaweza kuteremka ukatua chini kulia mgonjwa akilala chali au akiketi. Atasema ajali yenyewe huenda ilipasua utumbo. Ni hoja za kweli, si ujanja. Maelezo ya upasuaji wa pili ndiyo yatakayoamua kwa kiasi kikubwa: je, mpasuaji aliandika kwamba alikuta kisiki kinavuja? Ombeni karatasi hiyo kwa jina, kwa sababu mara nyingi hospitali hutoa faili la upasuaji wa kwanza na kusahau la pili.

Ile fomu ya asubuhi inanikera, lakini nitaipima kwa haki. Mara nyingi inatokana na muuguzi anayeambiwa faili halijakamilika, akatafuta saini ili kisanduku kijae, bila nia ya kumdhuru mtu. Kisheria haina maana: huwezi kuridhia kitu kilichokwisha kufanyika. Daktari aliyekosa ndugu wa kumuuliza alipaswa kuandika tu kwenye faili kwamba mgonjwa hajitambui, ndugu hawajapatikana, walitafutwa kwa njia hii, hatari ni hii, tunaendelea. Madaktari makini humwomba na mwenzao aongeze maoni yake. Sasa angalieni kitu kimoja: nafasi ya tarehe na saa imejazwaje? Ikiwa ni saa halisi ya asubuhi, hiyo ni karatasi ya kipuuzi tu. Ikiwa mtu aliandika saa ya usiku kabla ya upasuaji, hapo kuna kughushi, na mwenye kughushi karatasi moja atafanya hakimu azitilie shaka zilizobaki zote. Angalieni pia kama jina la kidole tumbo limeandikwa ndani yake, na kama wino ni uleule. Mama asiogope kwamba saini yake imewafunga. Aandike leo, kwa lugha yake, alifika saa ngapi, nani alimpa fomu, aliambiwa nini. Asiongeze chumvi hata chembe, maana ataulizwa juu ya kila neno.

Nirudi kwenye bandama, kwa sababu hapa ndipo ninapoona kosa lililo wazi kuliko yote, na ninyi hamkuliweka hata kwenye orodha ya malalamiko. Dharura ilipoisha, haki zote za kaka yako zilirudi mikononi mwake. Siku alipozinduka na kuelewa, kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya kinataka mtoa huduma amweleze hali yake ya afya, kwa lugha anayoielewa. Alipaswa kuambiwa tulitoa hiki kwa sababu hii, tulitoa na hiki pia, na tangu leo ishi hivi. Idhini haikufutwa na kupoteza fahamu, iliahirishwa. Kumruhusu mtu asiye na bandama aende nyumbani na maagizo ya nyuzi peke yake, bila chanjo na bila onyo kuhusu homa, ni chini ya kiwango, na sidhani mtapata mpasuaji wa kusimama mahakamani kusema vinginevyo.

Lakini, na hili huwavunja watu moyo, kwa sasa kosa hilo halina fidia kubwa, kwa sababu hajadhurika nalo. Sheria ya uzembe hulipia madhara, hailipii hatari iliyopita salama. Linafaa kwa malalamiko kwenye Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno wa Kenya, na linafaa kumwonyesha hakimu jinsi hospitali ilivyomhudumia. Natumaini halitawahi kuwa kesi kubwa zaidi ya hapo, na ndiyo maana nilianza na chanjo.

Anayeshtaki ni kaka mwenyewe. Ni mtu mzima, amezinduka, mwili ni wake. Mama na wewe ni mashahidi, na mnaweza kumsindikiza kila mahali, lakini ombi la faili na hati ya madai lazima vitoke kwake. Ingekuwa tofauti kama angebaki hajitambui, hapo mahakama ingemteua mtu wa kumsemea.

Faili aliombe kwa barua, yenye jina, namba ya mgonjwa na tarehe za kulazwa, apeleke nakala mbili na arudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hospitali ya kaunti ni taasisi ya umma, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa siku 21 kujibu. Asiende kuomba kwa mdomo dirishani, maana ataambiwa njoo kesho mpaka achoke.

Ile saa niliyoitaja ni hii. Kwa hospitali ya binafsi, dai la uzembe lina miaka 3. Kwa madai dhidi ya serikali na mamlaka za mitaa kuna sheria nyingine ya ukomo inayotoa miezi 12 tu. Watu wengi husikia miaka 3 redioni, wakaja kwangu mwaka wa pili wakiwa na kesi nzuri iliyokwisha kufa. Mlango wa kuomba muda zaidi upo, ila ni mwembamba, msiutegemee. Hesabuni miezi 12 tangu usiku wa ajali, na mtu wa sheria awe na faili mkononi kabla haijatimia miezi minane tangu ajali, ili mpasuaji wa kuandika ripoti apate nafasi. Malalamiko kwenye Baraza hayaisimamishi saa hiyo. Baraza kazi yake kubwa ni nidhamu. Linaweza kumwadhibu daktari, na uamuzi wake unaweza kuwasaidia, lakini mkilingoja mpaka limalize mnaweza kukuta mahakama imefungwa.

Kuhusu wakili, mtafuteni aliyewahi kuendesha kesi za hospitali, na mwulizeni moja kwa moja ni mpasuaji gani atamtumia na ripoti itagharimu kiasi gani. Hamlazimiki kwenda Mahakama Kuu: hakimu mkuu anaweza kusikiliza madai hadi shilingi milioni 20. Mtu akija nyumbani akasema msilipe chochote, tutagawana asilimia mkishinda, mwageni kwa adabu. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haikubali makubaliano ya kulipwa tu mkishinda, na wanaokuja hivyo mara nyingi si mawakili, ni madalali wa ajali.

Mkishapata zile karatasi nne na maelezo ya upasuaji wa pili, mpelekeeni mpasuaji kabla ya kumwandikia mtu yeyote barua ya madai. Akisema kidole tumbo kilikuwa kibovu kweli, mtakuwa mmeokoa pesa. Akisema kilikuwa kizima na kisiki kilivuja, hospitali nyingi hupendelea kuzungumza kabla ya kufika mbele ya hakimu, na mazungumzo hayo muyafanye mkiwa na ripoti mezani.